Mkopo Huu Unahesabiwaje? Kuandika Hati ya Mahitaji kwa Mradi wa Mwaka wa Mwisho

"Mfumo utawawezesha wanachama kukopa kwa urahisi na haraka." Sentensi ya namna hii haikosekani katika miradi ya mwaka wa mwisho ya wanafunzi wa kompyuta. Inasomeka vizuri, na mwandishi wake huiacha hapo na kwenda kuandika programu. Ubovu wake hujitokeza miezi kadhaa baadaye, siku ya kutetea mradi, mjumbe wa jopo anapouliza: "Mwanachama mwenye deni akiomba mkopo mwingine, mfumo wako unafanyaje?" Mwanafunzi anababaika, kwa kuwa swali hilo halikuulizwa wakati wa kuulizwa.

Wakati wake ulikuwa ule wa kuandika hati ya mahitaji ya mfumo. Hii ni hati inayosema mfumo utafanya nini, kwa ajili ya nani, na katika hali zipi, kabla ya mstari wa kwanza wa programu kuandikwa. Violezo vingi vinavyotumika vyuoni vinatokana na mwongozo wa IEEE 830 wa mwaka 1998, ambao mwaka 2011 nafasi yake ilichukuliwa na kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC/IEEE 29148, kilichorekebishwa mwaka 2018. Mwongozo ule wa zamani una sehemu kuu tatu: utangulizi wenye lengo na mipaka ya mfumo, maelezo ya jumla kuhusu watumiaji na mazingira yao, kisha mahitaji yenyewe, moja baada ya jingine. Sehemu mbili za kwanza huandikwa kwa siku chache. Ya tatu ndiyo inayotaka jasho, na ndiyo tutakayoifuata hapa kwa mfano mmoja.

Tuseme wanafunzi wawili wanatengeneza mfumo wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 25, kama vilivyo vikundi vya hisa vilivyoenea mijini na vijijini Tanzania. Wanachama hukutana kila wiki, hununua hisa, hurejesha mikopo, hukopa, na mwisho wa mzunguko hugawana fedha. Hisa moja ni shilingi 5,000. Kumbukumbu ziko kwenye daftari, fedha ziko kwenye sanduku la chuma.

Kutoka maneno hadi kanuni

Wanafunzi wetu wanamhoji katibu. Anawaambia kwamba mwanachama anaruhusiwa kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Wanaandika hivyo hivyo na kuridhika. Hapo ndipo wanapotakiwa kuchukua kalamu na kumjaribu mwanachama mmoja kwa tarakimu.

Mwanachama ana hisa 40, yaani shilingi 200,000. Mara tatu yake ni 600,000. Sasa mpe deni la 250,000 ambalo hajalimaliza. Je, bado anaruhusiwa kukopa 600,000 nyingine? Au deni linatolewa kwanza, abaki na 350,000? Au haruhusiwi kukopa kabisa mpaka amalize? Maneno ya katibu yanakubali majibu yote matatu. Katibu mwenyewe haoni utata wowote, kwa sababu anaijua desturi ya kikundi chake na hajawahi kulazimika kuieleza. Kompyuta haina desturi; bila kuambiwa, mwandishi wa programu atachagua jibu moja kwa kubahatisha.

Wanafunzi wanarudi kikundini na swali hilo, na wanajibiwa kwamba deni linatolewa kwanza. Katika mazungumzo hayo hayo linatokea jambo jingine ambalo hakuna aliyelitaja mwanzoni: hata mwenye haki ya kukopa hapati kitu kama sanduku halina fedha za kutosha. Sasa sentensi moja ya mwanzo imezaa mahitaji matatu:

H-12: Pindi mwanachama anapoomba mkopo, mfumo utahesabu kiwango chake cha juu kwa kuzidisha thamani ya hisa zake kwa tatu, kisha kutoa deni analodaiwa.

H-13: Endapo kiasi kinachoombwa kinazidi kiwango hicho, mfumo utakataa ombi na kuonyesha kiwango cha juu anachoweza kukopa.

H-14: Endapo kiasi kinachoombwa kinazidi fedha zilizomo sandukuni, mfumo utakataa ombi na kuonyesha salio la sanduku.

Umbo la sentensi hizi lina historia yake. Mwaka 2009 Alistair Mavin na wenzake katika kampuni ya Rolls-Royce walichapisha mtindo wa kuandika mahitaji kwa vipande vichache vinavyojirudia, baada ya kusumbuliwa na utata katika kanuni zinazohusu mifumo ya kudhibiti injini za ndege. Tukio hutangulia, kisha hutajwa mfumo, kisha kile unachopaswa kufanya. Kwa Kiswahili, "pindi" hubeba tukio la kawaida na "endapo" hubeba jambo lisilotakiwa. Mwandishi akifuata umbo hilo, pengo huonekana mapema: akiandika "pindi" akashindwa kumalizia, ajue kuna swali ambalo hajaliuliza.

Kila hitaji lina namba yake na linasema jambo moja. Ukikuta "na pia" katikati ya sentensi, huenda umefunga mahitaji mawili katika namba moja, na siku ya majaribio moja linaweza kufaulu na jingine likafeli. Vilevile sentensi hizi hazitaji jedwali la hifadhidata wala lugha ya programu. Hayo ni ya hati ya usanifu. Hapa tunasema kinachotakiwa, njia ya kukipata itafuata.

Riba inayofichika

Kikundi kinatoza riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Ni maneno mepesi, lakini yanaweza kuzaa hesabu mbili. Chukua mkopo wa 300,000 unaorejeshwa kwa miezi mitatu, 100,000 kila mwezi. Kama riba inahesabiwa juu ya kiasi cha awali, ni 15,000 kila mwezi, jumla 45,000. Kama inahesabiwa juu ya deni lililobaki, ni 15,000, kisha 10,000, kisha 5,000, jumla 30,000. Mkopaji mmoja, mkopo mmoja, tofauti ya shilingi 15,000.

Njia ya uhakika ya kujua kikundi kinafuata ipi ni kuomba ukurasa wa daftari wenye mkopo uliokwisha kulipwa na kuupiga hesabu upya. Mahojiano hukuonyesha watu wanavyoamini wanafanya. Daftari hukuonyesha wanavyofanya. Vikipingana, hitaji haliandikwi mpaka kikundi kiamue.

Kufuli tatu za sanduku

Mahitaji mengine hayasemwi na mtu yeyote, ila yanaonekana. Kwa kawaida sanduku la kikundi cha hisa huwa na kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti. Sanduku lenyewe hukaa kwa mtu mwingine. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake.

Mwanafunzi aliyezoea mifumo ya darasani ataweka mtumiaji mmoja mwenye mamlaka yote: anaongeza wanachama, anarekodi malipo, anafuta makosa. Akifanya hivyo ameondoa ulinzi ambao kikundi kilikuwa nao kabla ya kompyuta kufika. Mwenye nywila hiyo moja anaweza kubadili salio la mtu usiku, na hakuna atakayejua. Hitaji linalolingana na kufuli zile linasomeka hivi:

H-21: Pindi katibu anapofunga hesabu za mkutano, mfumo utazihifadhi kama za mwisho baada tu ya wanachama watatu walioteuliwa kuthibitisha, kila mmoja kwa namba yake ya siri.

Linafuatwa na jingine linalosema kwamba hesabu zilizofungwa hazifutwi. Kosa husahihishwa kwa ingizo jipya lenye tarehe na jina la aliyeliingiza. Mambo kama haya hupatikana kwa kukaa kwenye mkutano mzima na kutazama nani anashika nini, nani anahesabu, nani anasubiri nani.

"Salama, wa haraka na rafiki kwa mtumiaji"

Kuna mahitaji yanayohusu ubora badala ya kazi, na hapa ndipo kunakili kutoka ripoti za miaka iliyopita kunapokithiri. Maneno matatu hayo hayapimiki. Aliyeyaandika hawezi kuonyesha kwamba ameyatimiza, wala jopo haliwezi kuonyesha kwamba hakuyatimiza.

Dawa yake ni kutaja kifaa, hali na kipimo. Kikundi chetu hukutana mahali ambapo mtandao hukatika, na katibu ana simu ya Android ya bei nafuu. Kwa hiyo: "Pindi katibu anapohifadhi ununuzi wa hisa bila mtandao, kwenye simu yenye RAM ya GB 2, mfumo utauonyesha ununuzi huo kwenye orodha ndani ya sekunde 2." Mtu mwenye simu na saa anaweza kulijaribu hitaji hilo.

Kipimo chenyewe kiwe cha mtu anayeweza kukithibitisha. Wanafunzi hupenda kuandika kwamba mfumo utapatikana kwa asilimia 99.9 ya muda. Katika mwezi wa siku 30, hiyo ni ruhusa ya kuzimika kwa takriban dakika 43 tu. Anayeendesha seva yake kwenye kompyuta mpakato hawezi kuahidi hivyo, na muda wa mradi hautoshi kulipima. Ahadi kama hiyo ni afadhali iachwe.

Kwa hoja hiyo hiyo, sehemu ya mipaka inapaswa kusema waziwazi yale ambayo mfumo hautafanya. Wanafunzi wetu wameandika kwamba mfumo utarekodi fedha lakini hautazihamisha. Kuunganisha malipo ya simu kunahitaji idhini ya kampuni ya simu, na kunaleta hali mpya zinazotaka mahitaji yake: fedha zimekatwa kwa mteja lakini taarifa haijafika, au imefika mara mbili. Sentensi hiyo moja imewaokoa na kazi ambayo wasingeimaliza.

Jedwali la mwisho

Mwishoni mwa hati huwekwa jedwali linaloonyesha kila hitaji limetoka wapi na litajaribiwaje. Safu ya H-13 itasema kwamba chanzo ni katiba ya kikundi na mahojiano na katibu. Jaribio lake ni la mwanachama mwenye hisa 40 na deni la 250,000: akiomba 350,000 akubaliwe, akiomba 351,000 akataliwe na kuonyeshwa 350,000. Majaribio yanayokaa ukingoni namna hii hufichua makosa ambayo tarakimu za katikati huyaficha. Hitaji lisilo na chanzo huenda ni la kubuni. Lisilo na jaribio halijaandikwa vizuri.

Kabla ya kuikabidhi kwa msimamizi, mpe hati mwanafunzi mwenzako asiyeujua mradi, umwombe aandike majaribio kwa kusoma tu, nawe usimweleze lolote. Kila swali atakalokuuliza liandike pembeni mwa hitaji linalohusika. Maswali ambayo nawe huna jibu lake yapeleke kikundini kwenye mkutano unaofuata. Majibu yakija, hati ipewe namba ya toleo, na badiliko lolote baada ya hapo liandikwe tarehe, sababu na jina la aliyeliomba.