Riyali Elfu Moja na Simu Isiyokoma Kulia

Mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani kutoka Kenya aliye Riyadh huingia mara moja kwa mwezi, lakini habari zake huwa zimeshafika kijijini kabla yake. Tarehe inajulikana, na kiasi pia kinajulikana, maana kila mtaa wa Kilifi, Mumias au Nakuru una binti aliyekwenda Saudia akarudi. Jumbe za asubuhi hiyo basi hazianzi na salamu. Kuna mjomba aliyelazwa, kuna kundi la WhatsApp la mchango wa harusi, kuna binamu aliyepata ploti ya bei rahisi ambayo "ikipita leo imepita."

Mwanamke anayefuatwa katika makala haya hana jina, kwa sababu si mtu mmoja. Ni mfano uliojengwa juu ya mkataba wa kawaida wa mashagala, kama Wakenya wa Saudia wanavyojiita: miaka miwili, riyali 1,000 kwa mwezi, chakula na malazi kwa mwajiri. Tuseme ametoka Kilifi, ana mtoto mmoja aliyemwacha kwa mamake, na kabla ya kupanda ndege alikopa shilingi 60,000 za pasipoti, vipimo vya afya, mafunzo na nauli za kwenda na kurudi Nairobi.

Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola tangu 1986, riyali 3.75 kwa dola moja. Kwa hiyo riyali 1,000 ni kama dola 267. Dola ikiwa shilingi 129, mshahara huo unafika Kenya ukiwa kama shilingi 34,000 baada ya makato ya kutuma. Kwa mtu ambaye nyumbani alikuwa akifua nguo za watu kwa malipo ya siku, hizo ni pesa nyingi. Tatizo ni kwamba watu wa nyumbani huhesabu tarakimu hiyo hiyo kila mwezi na kuiona kama kisima.

Uamuzi wake wa kwanza haukuhusu uwekezaji hata kidogo. Alipiga simu kwa mamake mwezi wa kwanza, kabla ya ombi lolote kuja, wakakubaliana kiasi.

"Mama, nitatuma elfu kumi na mbili kila mwezi. Karo ya mtoto imo humo, chakula kimo humo. Ikizidi hapo, siwezi."

"Na mjomba wako, mwanangu?"

"Mjomba naye aombe ndani ya hizo hizo, mama. Wewe ndiye utakayemjibu."

Jibu hilo linaweza kuonekana kali, lakini lina hesabu ndani yake. Mama anayepokea kiasi kinachojulikana hujifunza kukigawa, na ndugu wanaoomba hulazimika kumkabili yeye, aliye karibu na anayeona nani mgonjwa kweli na nani ana kiu tu. Faida nyingine ni ya makato. Kampuni za kutuma pesa hutoza ada kwa kila safari ya pesa; kama ada ni riyali 15, anayetuma mara nne kwa mwezi amepoteza 60, na anayetuma mara moja amepoteza 15 tu.

Alijibakizia shilingi 4,000 za kutumia mwenyewe, yaani zaidi kidogo ya riyali 115: bando, sabuni anayoipenda, mahitaji ya kike. Zikabaki 18,000. Miezi mitatu na sehemu ya mwezi wa nne zilikwenda kulipa lile deni la 60,000, na hapo ndipo wengi huteleza, kwa kuwa deni lisiloonekana ni rahisi kulisogeza mbele ili kununua simu mpya ya kuonekana.

Maana presha haitoki nyumbani peke yake. Riyadh kwenyewe, siku ya mapumziko au kwenye video za usiku, mashagala huonyeshana dhahabu, mawigi na simu za mkopo. Kuna pia kishawishi cha "kuwa kemboi", neno la Wakenya huko kwa anayemtoroka mwajiri akafanya vibarua vya siku au mwezi. Malipo ya kemboi huwa makubwa zaidi. Lakini ikama, kibali cha kuishi nchini, hutegemea kafili aliyemleta; akitoroka anakuwa mtu asiye na karatasi, hana pa kudai mshahara akidhulumiwa, na akikamatwa hurudishwa. Mpango wa miaka minne hauwezi kujengwa juu ya kipato kinachoweza kukatwa na msako wa jioni moja. Shagala wetu alikaa kwenye mkataba. Mwenye mwajiri anayempiga au kumnyima mshahara ana hesabu tofauti kabisa, na hakuna mwandishi wa mambo ya pesa anayepaswa kumwambia avumilie.

Kuanzia salio la mwezi wa nne hadi mwisho wa wa saba, aliweka akiba ya dharura: shilingi 66,000, katika mfuko wa soko la fedha unaosimamiwa na kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mifuko hiyo hukusanya pesa za watu wengi na kuziweka benki na kwenye hati za serikali za muda mfupi. Pesa hutoka ndani ya siku chache zikihitajika, na riba yake hukatwa kodi ya asilimia 15. Akiba hii ilikuwa na kazi moja: mama akilazwa kweli, au mkataba ukivunjika, asilazimike kuuza kitu kingine kwa hasara.

Kutoka mwezi wa nane alianza kuikopesha serikali ya Kenya.

Njia yenyewe haina siri. Mwaka 2023 Benki Kuu ya Kenya ilizindua DhowCSD, mfumo unaotumika kwenye simu au kompyuta, ambao mtu aliye ng'ambo anaweza kuutumia kununua hatifungani bila kupanga foleni Nairobi. Anahitaji kitambulisho, picha na akaunti ya benki ya Kenya yenye jina lake mwenyewe. Kiwango cha chini ni shilingi 50,000. Mnunuzi mdogo huchagua kukubali riba ya wastani itakayotoka kwenye mnada badala ya kutaja yake, kisha baada ya mnada huangalia kiasi anachotakiwa kulipa na namba ya malipo, na benki yake hutuma pesa kabla ya siku ya mwisho. Hapo kwenye siku ya mwisho ndipo watu wa Ghuba hunaswa: laini ya Kenya imefungwa kwa kutotumika, ujumbe wa benki wenye namba ya siri hauingii, na malipo yanachelewa. Benki Kuu inaweza kumsimamisha asiyelipa asishiriki minada inayofuata.

Kwa 18,000 kwa mwezi, karibu kila miezi mitatu alitimiza 50,000. Hadi mkataba unakwisha, mwezi wa 24, alikuwa amenunua mara sita: shilingi 300,000, na chenji ya 6,000. Tuseme zote zilikuwa hatifungani za miaka kumi au zaidi zenye riba ya asilimia 12. Kodi ya riba kwa hatifungani za muda huo ni asilimia 10, basi 300,000 zinampa 32,400 kwa mwaka mkononi, na hulipwa nusu kila miezi sita: 16,200.

Ubora mkubwa wa hati hizi kwake haukuwa riba. Ulikuwa kwamba haziombeki. Ndugu akipiga simu, jibu "sina" lilikuwa uongo na jibu "sitaki" lilikuwa ugomvi. Jibu la tatu lilikuwa kweli tupu: "Zimefungwa Benki Kuu, riba inatoka Septemba." Ng'ombe huombwa wakauzwa, na nyumba inayojengwa na kaka huombewa saruji kila wiki, tena mara nyingi saruji hiyo huishia kwenye nyumba ya kaka. Hatifungani haina mlango wa kugonga.

Ina udhaifu wake, na asiyeujua ataumia. Pesa hizo zinaweza kutolewa kabla ya muda kwa kuuza hati kwenye soko la Nairobi, lakini bei hutegemea riba za wakati huo. Februari 2024 serikali ilitoa hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46, tena isiyokatwa kodi. Ilitafuta shilingi bilioni 70, ikachukua zaidi ya bilioni 240. Aliyeinunua kwa 100,000 alijihakikishia kama 18,460 katika mwaka wa kwanza. Lakini aliyekuwa na hati ya zamani ya asilimia 12 na akataka kuiuza mwezi huo alikuta hakuna wa kumpa bei kamili. Nani anunue 12 wakati 18 iko mezani? Ndiyo maana zile 66,000 za dharura zilitangulia. Anayejua atahitaji pesa baada ya mwaka heri achukue hati za muda mfupi za Hazina, za siku 91, 182 au 364, ambazo nazo huanzia 50,000.

Mtihani mkubwa ulikuwa likizo ya mwisho wa mkataba. Nyumbani husubiriwa kwa fulana zilizochapwa picha yake, gari la kukodi kutoka uwanja wa ndege na katoni za kargo zilizojaa mablanketi na sufuria. Kuna walioteketeza mshahara wa miezi sita katika wiki mbili hizo, wakarudi Saudia kwa deni jipya. Yeye alifika Kilifi kwa basi, na sanduku moja. Maneno yalisemwa. Shangazi aliuliza kama kweli alikuwa Saudia au alikuwa amejificha Mtwapa.

Alirudi kwa mkataba wa pili kwa mshahara ule ule, akiwa sasa hana deni na akiba ya dharura imekamilika, kwa hiyo zile 18,000 zilikwenda zote kwenye uwekezaji: 432,000 kwa miaka miwili. Jumla ya miaka minne ikawa 732,000 bila kuhesabu riba aliyolipwa njiani.

Hesabu hii isitiwe chumvi. Kwa riba ile ile ya asilimia 12, baada ya kodi, 732,000 zinaleta kama shilingi 79,000 kwa mwaka, yaani 6,600 kwa mwezi. Haifikii robo ya mshahara wa Riyadh, na bei za unga na karo hazitasimama kuisubiri. Ni zaidi kidogo ya nusu ya kile alichokuwa akimtumia mamake. Atakaporudi moja kwa moja bado atahitaji kazi au biashara. Ila atakaa chini kuichagua akiwa na karo ya mtoto inayojilipa na mtaji ambao haukukopwa kwa mtu.

Kwa anayesubiri viza sasa hivi, kazi ya kwanza iko Kenya, si Saudia: fungua akaunti ya benki kwa jina lako peke yako, jisajili kwenye DhowCSD ukiwa bado unaweza kuingia benki kwa miguu yako, na uhakikishe laini ya simu iliyounganishwa na akaunti hiyo unasafiri nayo na kuitumia mara kwa mara.