Orodha ya Vitabu: Jina la Ukoo Mbele, Mistari Mingine Ndani

Mtu anayeshika orodha ya vitabu vya kusoma kwa kawaida anatafuta jambo moja: je, kitabu cha Magesa kimo? Jicho lake linashuka kwenye ukingo wa kushoto wa karatasi, kutoka A hadi Z, likisoma majina tu. Ili alipate jina hilo upesi, mambo mawili lazima yatimie. Majina yafuate alfabeti, na ukingoni pasiwe na kitu kingine ila majina. Jambo la pili ndilo linalofanywa na mjongeo wa kuning'inia: mstari wa kwanza wa kila kitabu unaanzia ukingoni, na mistari inayofuata inaingia ndani kidogo, hivi:

```
Magesa, Laurenti. African Religion: The Moral
     Traditions of Abundant Life. Maryknoll:
     Orbis Books, 1997.
Mbiti, John S. African Religions and Philosophy.
     London: Heinemann, 1969.
Nyamiti, Charles. Christ as Our Ancestor:
     Christology from an African Perspective.
     Gweru: Mambo Press, 1984.
```

Kompyuta inaweza kutufanyia yote mawili kwa dakika chache. Lakini kompyuta haijui ukoo wa mtu. Inapanga kwa kufuata herufi inazozikuta mwanzoni mwa aya, basi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yetu: kuamua ni jina gani linalosimama mbele.

Jina gani litangulie?

Kwa waandishi wengi jibu ni rahisi. Laurenti Magesa anaandikwa "Magesa, Laurenti", na mkato unaonyesha kwamba tumegeuza majina. Tuwe waangalifu na vitabu vinavyotoka Rwanda, Burundi na Kongo, kwa sababu huko mara nyingi jina la ukoo hutajwa kwanza. Ukikuta "KAGAME Alexis", usigeuze tena ukampeleka kwenye A. Mwanafalsafa huyo wa Rwanda mahali pake ni K: "Kagame, Alexis".

Vineno vidogo kama "de" na "von" vinasumbua pia. Henri de Lubac anaingia kwenye L, "Lubac, Henri de", na Hans Urs von Balthasar kwenye B, "Balthasar, Hans Urs von". Desturi hii si moja kwa lugha zote, hivyo ukiwa na shaka tazama jinsi katalogi ya maktaba inavyomwandika mwandishi huyo, ukaifuate.

Watakatifu wa zamani hawakuwa na jina la ukoo kama letu. Augustino wa Hippo anakaa kwenye A, kwa maana Hippo ni mji alikokuwa askofu. Vivyo hivyo Thoma wa Akwino anakaa kwenye T, ingawa utakuta orodha nyingi zinazomweka kwenye A kwa jina la Aquinas. Chagua njia moja na uishike mpaka mwisho. Chagua pia lugha moja ya majina hayo. Ukiandika "Yohane wa Msalaba" mahali pamoja na "John of the Cross" mahali pengine, mtu mmoja atatokea kwenye Y na tena kwenye J, na msomaji atadhani ni watu wawili.

Mapapa huorodheshwa kwa jina la kipapa: waraka Deus Caritas Est wa mwaka 2005 ni wa Benedikto XVI, kwenye B. Lakini Introduction to Christianity, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1968, aliandika akiwa bado Joseph Ratzinger, nacho kinakaa kwenye R. Kwa kuwa ni mtu yule yule, ongeza mstari mmoja chini ya B: "Tazama pia Ratzinger, Joseph."

Mwisho, ondoa vyeo mwanzoni. Ukiacha "Mt. Augustino" na "Pd. Nyamiti", kompyuta itawakusanya watakatifu wote kwenye M, nyuma tu ya Mbiti, na mapadre wote kwenye P.

Kitabu kimoja, aya moja

Hapa ndipo orodha nyingi huharibika. Mwandishi anataka mstari wa pili uingie ndani, basi anabonyeza Enter katikati ya maelezo ya kitabu, kisha Tab. Kwa macho inapendeza. Kwa kompyuta kila Enter ni mwisho wa aya, kwa hiyo kitabu cha Magesa sasa ni aya tatu zisizohusiana. Siku utakapoamuru majina yapangwe, "Orbis Books, 1997" litaachana na kichwa chake na kwenda kukaa mahali pengine. Hata usipopanga, ukibadilisha ukubwa wa herufi mistari itakatika hovyo.

Namna ya kutambua ni rahisi. Katika Word bonyeza kitufe chenye alama ¶ kwenye kichupo cha Home. Alama hiyo inapaswa kuonekana mara moja tu kwa kila kitabu, mwishoni. Ikionekana katikati, fungua Replace kwa Ctrl+H, andika mstari ulio hapa chini kwenye Find what, weka nafasi moja tupu kwenye Replace with, kisha bonyeza Replace All:

```
^p^t
```

Amri hiyo inatafuta kila mwisho wa aya unaofuatwa na Tab na kuunganisha mistari iliyotengana. Itumie kwenye nakala ya orodha peke yake, maana ukiiachilia kwenye tasnifu nzima itaunganisha pia aya zako halali zilizoanzishwa kwa Tab.

Kupanga, kisha kujongeza

Orodha ikiwa safi, ichague yote bila kichwa chake. Kwenye Home bonyeza kitufe cha Sort chenye herufi A na Z. Chini ya Sort by acha Paragraphs, chini ya Type acha Text, chagua Ascending, kisha OK. Orodha ikiwa bado imechaguliwa, bonyeza Ctrl+T, na mistari yote isipokuwa ya kwanza itaingia ndani sentimita 1.27. Ukitaka kipimo kingine, fungua dirisha la Paragraph, na chini ya Special chagua Hanging. Wanaotumia LibreOffice Writer waende Format, kisha Paragraph, waweke 1.25 cm kwenye Before text na -1.25 cm kwenye First line. Alama ya kutoa ndiyo inayorudisha mstari wa kwanza ukingoni.

Kuna jambo moja la kuacha mpaka mwisho. Mwandishi akiwa na vitabu viwili, baadhi ya walimu wanataka jina lake lisirudiwe bali lichorwe mstari mrefu. Mbiti, kwa mfano, ana pia Concepts of God in Africa cha mwaka 1970, kinachofuata African Religions kwa alfabeti ya vichwa. Panga kwanza ukiwa na jina kamili kwenye vitabu vyote viwili, ndipo uweke mstari mahali pa jina la pili. Ukiuweka mapema, kitabu hicho hakina tena herufi ya Mbiti mbele yake, nacho kitapangwa mbali na mwenyewe.

Kabla ya kuchapa, shuka na kidole kwenye ukingo wa kushoto ukisoma herufi ya kwanza ya kila mstari uliotokeza. Ukikuta mwaka, jina la mji au kipande cha kichwa cha kitabu, kuna Enter iliyobaki katikati. Ukikuta jina lililoruka mpangilio, mara nyingi kuna nafasi tupu, alama ya kunukuu au cheo mbele yake. Kifute, kisha panga tena.