Printa Iliyopona Mara Saba

Printa ya ofisi ya uhasibu ilipona mara saba ndani ya wiki sita. Hivyo ndivyo kumbukumbu zilivyosema. Kila mara mtumiaji alifungua tiketi, fundi akapanda ghorofani, akaizima printa na kuiwasha, karatasi ya majaribio ikatoka, na tiketi ikafungwa. Wastani wa kila safari ulikuwa dakika sita. Ulipofika wakati wa kutathmini mafundi wa nusu mwaka, fundi huyo ndiye aliyekuwa na muda mfupi kuliko wote, na mimi, niliyekuwa msimamizi wa dawati la msaada, nilikuwa nimeshaanza kumwandikia alama za juu.

Kwa asiyejua kazi hii: ofisi yenye kompyuta nyingi huwa na programu ya kupokea malalamiko. Kompyuta ikigoma, mtumiaji huandika shida yake na programu humpa namba. Hiyo ndiyo tiketi. Saa huanza kuhesabu pale inapofunguliwa na husimama pale fundi anapoifunga. Mwisho wa miezi sita, msimamizi hubonyeza kitufe na kupata jedwali: fundi fulani kafunga tiketi ngapi, kwa wastani wa muda gani. Jedwali hilo huja limepangwa vizuri kiasi kwamba mtu anaweza kumaliza tathmini ya mwaka mzima bila kusoma tiketi hata moja.

Nilisimama kwa sababu ya fundi wa pili. Kwa wiki ile niliyoichagua kumpima, alikuwa amefunga tiketi tisa. Nane kati yake zilichukua dakika 20, 25, 25, 30, 35, 40, 45 na 60. Ya tisa ilichukua siku tatu kamili. Programu yetu ilikuwa ikihesabu usiku na mchana, kwa hiyo siku tatu zikawa dakika 4,320. Jumlisha zote, gawanya kwa tisa, unapata dakika 511, yaani saa nane na nusu kwa kila tiketi. Kwenye jedwali alionekana mtu mzembe.

Lakini hakuna hata tiketi moja kati ya zile tisa iliyochukua saa nane na nusu. Tiketi moja ndefu ilikuwa imezivuta nyingine nane. Ukizipanga kuanzia fupi hadi ndefu na kuchukua ile ya katikati, ya tano, unapata dakika 35, na hiyo ndiyo picha ya siku zake za kawaida. Nikabadilisha pia hesabu ya saa, programu ihesabu saa nane za kazi tu kwa siku. Wastani ukashuka kutoka dakika 511 hadi 191, na fundi hakuwa amefanya jambo lolote jipya. Tangu siku hiyo, nikitazama muda nauliza kwanza mambo mawili: saa inahesabu nini, na tiketi ya katikati ni ipi. Kisha naenda kuisoma ile ndefu yenyewe, maana mara nyingi ndiyo yenye kazi halisi.

Nikaisoma. Ilikuwa ya printa ile ile ya uhasibu. Fundi wa kwanza alikuwa likizo, ikaangukia kwa mwenzake.

Naeleza alichofanya kwa kirefu kidogo, kwa sababu tathmini nzima iligeukia hapo. Kila kifaa kwenye mtandao wa ofisi kina anwani. Printa ile ilikuwa imeandikiwa anwani ya kudumu, 192.168.1.50. Rauta nayo ilikuwa na kazi ya kugawa anwani kwa laptopi na simu zinazoingia, na ilikuwa imeelekezwa kugawa kuanzia 192.168.1.20 hadi 192.168.1.200. Kwa hiyo anwani ya printa ilikuwa ndani ya fungu linalogawiwa wengine. Jioni printa ilizimwa. Asubuhi, siku nyingine, laptopi ya mtu aliyewahi kufika ilipewa anwani ya 50, kwa kuwa rauta iliiona haina mwenyewe. Baadaye printa ikawashwa na kudai anwani yake, vikawa viwili vinaitika jina moja. Kazi ya mhasibu ikawa inatumwa kwa laptopi isiyojua kuchapa chochote.

Kuzima na kuwasha printa kulisaidia kweli, kwa muda. Printa ikiwaka huutangazia mtandao upya kwamba anwani ile ni yake, na kompyuta nyingine huiamini. Mwenye laptopi akitoka kwenda kikaoni, shida inaisha yenyewe. Ndiyo maana tiketi saba zilifungwa kwa haki: kila mara karatasi ilitoka.

Fundi wa pili alitilia shaka saa. Aliona kwamba malalamiko yote yalifunguliwa asubuhi kabla ya saa nne. Akachomoa waya wa mtandao wa printa, akaenda kwenye kompyuta ya mhasibu na kuandika:

```
arp -d *
ping 192.168.1.50
arp -a
```

Amri ya kwanza, ambayo huhitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, hufuta kumbukumbu ya zamani. Ya pili huita anwani ile. Ya tatu huonyesha nani ameitika. Printa ilikuwa haina waya, hivyo hakuna aliyepaswa kuitika. Lakini kifaa kiliitika, na namba yake ya kiwandani haikufanana na ile iliyochapwa kwenye kibandiko cha nyuma ya printa. Kuitambua shida kulimchukua dakika 40. Muda wote uliobaki ulipotea akisubiri neno la siri la rauta, lililokuwa kwa kampuni iliyotufungia intaneti. Alipolipata aliitengea printa anwani yake, nje ya fungu la kugawa, na tiketi ikafungwa. Printa haikurudi tena kwa sababu hiyo.

Miongozo ya ITIL, iliyoanzia serikalini Uingereza miaka ya 1980 na ambayo madawati mengi ya msaada huifuata, hutofautisha tukio na tatizo. Tukio ni printa kugoma leo asubuhi. Tatizo ni kile kinachoifanya igome. Muda wa kufunga tiketi hupima matukio peke yake. Anayetaka kujua kama matatizo yanatibiwa hana budi kuhesabu marudio.

Kuhesabu marudio ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Programu huwa na hesabu ya tiketi zilizofunguliwa tena, na kwa fundi wa kwanza hesabu hiyo ilikuwa sifuri. Kila mara mtumiaji alianzisha tiketi mpya, na kila mara akaandika maneno mengine: printa haichapi, karatasi hazitoki, mashine imegoma, mtandao umekata uhasibu. Kwa programu, hayo ni mambo manne tofauti. Nilichofanya ni kuacha kupanga tiketi kwa jina la fundi na kuzipanga kwa namba ya mali, ile inayobandikwa kwenye kila kifaa cha ofisi. Kifaa kilekile kikirudi ndani ya siku 30, nilizisoma tiketi zote mbili kwa macho yangu. Hapo ndipo zile saba zilipojipanga mstari mmoja.

Hata hivyo, si kila marudio ni deni la fundi. Katika orodha ileile kulikuwa na printa nyingine inayokwamisha karatasi kila wiki. Fundi wa kwanza alikuwa ameandika tangu mwezi wa kwanza kwamba mpira wa kuvutia karatasi umelika, ubadilishwe. Ombi lilikaa ununuzi. Yeye aliendelea kuusafisha, ukishika siku tatu nne, kisha karatasi zinakwama tena. Marudio yale niliyahamishia kwa anayeshika fungu la vipuri, na kwenye fomu ya fundi nikaandika kwamba alitambua chanzo mapema. Kulikuwa pia na mtumiaji aliyesahau neno la siri mara tano. Kumpunguzia fundi alama kwa hilo ni dhuluma.

Nikabakiwa na maoni ya watumiaji, na hayo ndiyo yaliyonichanganya zaidi. Fundi wa kwanza alisifiwa na karibu kila aliyejibu. Wa pili alikuwa na watu wawili waliolalamika, mmoja akiandika kwamba amesubirishwa siku tatu na kuambiwa bado. Waliojibu wenyewe walikuwa wachache, na wengi walijaza fomu fundi akiwa bado amesimama pembeni na begi lake. Kwetu nani atamwandikia mtu vibaya akiwa mbele yake, tena ametoka kumhudumia? Atamshukuru, na shukrani hiyo ni ya adabu.

Lakini maoni yalisema kweli, nilipoyasoma pamoja na tiketi. Mama wa uhasibu alikuwa ameandika hivi: kijana huyu hachoki, kila tukimwita anakuja. Mara ya kwanza niliisoma kama sifa. Mara ya pili nikasimama kwenye neno kila. Yale malalamiko ya siku tatu nayo, kumbe hayakuhusu urefu wa siku. Fundi wa pili hakuwa amempigia mtu simu kumweleza kwamba anasubiri neno la siri la rauta. Hilo ni kosa lake halisi, na muda peke yake usingelionyesha. Baadaye tuliacha fomu ya papo hapo. Siku mbili baada ya tiketi kufungwa, mtu wa mapokezi humpigia mtumiaji na kumuuliza: tangu fundi aondoke, shida imerudi? Na wakati unasubiri, ulikuwa unajua kinachoendelea?

Siku ya kikao nilimwekea fundi wa kwanza tiketi saba mezani, zikiwa zimechapwa na printa ile ile. Alizitazama kwa muda.

“Mkuu,” akasema, “mara ya tatu nilijua kuna kitu. Lakini rauta sina ruhusa ya kuingia. Na nikiiacha tiketi wazi, namba yangu inakuwa nyekundu kwenye ripoti yako ya Ijumaa.”

Ripoti ya Ijumaa ilikuwa yangu kweli. Niliianzisha mwenyewe, nikaibandika ukutani, yenye majina na wastani wa kila mmoja. Nilimwandikia kwamba anafika haraka na watumiaji wanamwamini, na kwamba hakupeleka juu tatizo alilolishuku, japo utaratibu niliouweka ndio uliomfundisha kunyamaza. Mwenzake nilimwandikia kwamba anachimba mpaka chanzo, na kwamba ajifunze kumpa taarifa anayesubiri. Ripoti ya ukutani niliiondoa, neno la siri la rauta nikaliomba likae ofisini, na kwenye tiketi tukaongeza kisanduku kimoja kisichoruhusu kufunga kikiwa kitupu: chanzo.

Wiki iliyofuata fundi wa kwanza alifunga tiketi ya skana ya masjala kwa saa mbili na dakika kumi, ndefu kuliko zote alizowahi kufunga. Kwenye kisanduku cha chanzo aliandika: anwani inagongana na simu ya mlinzi, nimekagua pia printa tatu za ghorofa hii, mbili zina shida hiyohiyo, nimezihamisha.