Sukari Inaposhuka Bila Sababu

Tuchukue mtoto wa miaka 9 mwenye kisukari aina ya kwanza. Jioni amekula chapati na maharage, mama yake amemchoma insulini kwa dozi ileile ya siku zote. Saa moja baadaye mashine inasoma 3.1, usiku wa manane inasoma 15. Wiki inayofuata, hali ni hiyohiyo. Kliniki inamuuliza mama kama anajua kuvuta dozi. Swali hilo ni halali, lakini lisiwe la mwisho.

Kisukari hiki huanza kinga ya mwili inapoharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kinga hiyohiyo huweza kuugeukia utumbo mwembamba pia. Katika ugonjwa wa siliaki, gluteni iliyomo kwenye ngano na shayiri huichochea kinga ishambulie utumbo, nao hushindwa kufyonza chakula vizuri. Insulini inafanya kazi kwa wakati wake, chakula kinachelewa, ndipo sukari inaposhuka.

Shabaha nyingine ni tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo. Ikilegea, mgonjwa huchoka, huhisi baridi, hufunga choo, na mtoto huacha kurefuka. Sukari nayo huweza kushuka mara kwa mara. Ikizidisha kazi, moyo huenda mbio, mwili hukonda na sukari hupanda. Watu wazima nao hupata, hasa wanawake.

Wengi hawana dalili yoyote, na ndiyo sababu hupimwa hata wakijiona wazima. Thairoidi hupimwa kwa damu, kipimo cha TSH, baada ya kisukari kugunduliwa na sukari kutulia. Damu ikitolewa mgonjwa akiwa hoi, majibu yanaweza kupotosha. Yakiwa sawa, hurudiwa kila mwaka au miaka 2. Kwa siliaki, mtoto hupimwa kingamwili ziitwazo tTG mara kisukari kinapogunduliwa, tena ndani ya miaka 2, kisha baada ya miaka 5. Mtu mzima naye hupimwa, hasa akikonda, akiharisha au akipungukiwa damu.

Hapa kuna mitego miwili. Kingamwili zinazotafutwa ni za kundi la IgA, na wapo watu wasiokuwa nalo. Majibu yao hutoka safi hata kama wanaumwa. Kwa hiyo IgA yote ipimwe pamoja. Mtego wa pili unatoka nyumbani: mzazi akisikia neno ngano anaondoa chapati na mandazi siku hiyohiyo. Kingamwili zinapungua, utumbo unaanza kupona, na ugonjwa haubainiki tena.

Mtoto wetu alikutwa na kingamwili nyingi, na kipande cha utumbo kilichochukuliwa kwa kamera kikathibitisha siliaki. Sasa anakula wali, muhogo na ugali wa mahindi yaliyosagwa kwenye mashine isiyosaga ngano. Chakula kilipoanza kufyonzwa, dozi yake ya insulini ilibidi ipandishwe.

Mzazi, usimwondolee mtoto ngano kabla vipimo havijakamilika.