Mara Kadhaa ni Mara Ngapi?

Kwa zaidi ya miaka 20 mtandao wa utafiti wa Afrobarometer umekuwa ukiwauliza watu wa nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, swali moja kuhusu njaa. Mhojiwa anaulizwa kama katika mwaka uliopita yeye au mtu wa familia yake aliwahi kukosa chakula cha kutosha, na kama ndivyo, mara ngapi. Majibu ni matano, kuanzia haijatokea hadi wakati wote, na kila jibu lina namba yake kutoka 0 hadi 4. Namba hizo, pamoja na za maji safi, dawa, nishati ya kupikia na fedha, ndizo zinazotoa kipimo cha umaskini.

Tuchukue kwamba swali hilo limeletwa kwetu kwa Kiingereza, tuliweke kwa Kiswahili.

Mtego wa kwanza uko kwenye muda. Mkono unakimbilia kuandika "mwaka jana". Lakini mdadisi akibisha hodi mwezi Machi, mwaka jana kwa mama anayemfungulia mlango ni Januari hadi Desemba. Miezi mitatu ya karibuni, ambayo huenda ndiyo ghala lilikuwa tupu, imeachwa nje. Kosa hili ni jeuri kwa sababu ukaguzi uliozoeleka haulioni. Kwa kawaida mtu wa pili, asiyeliona swali la awali, hupewa tafsiri airudishe kwenye Kiingereza. Atairudisha vizuri tu, maneno yatalingana, na kila mtu ataridhika. "Katika miezi 12 iliyopita" ni sentensi isiyo na utamu, lakini haina njia mbili.

Halafu kuna vineno vinavyoonekana kama pambo. Swali la Kiingereza lina kishazi kifupi chenye maana ya "kama imewahi kutokea". Ukikiacha, swali linabaki "Mmekosa chakula mara ngapi?", na tayari umemwambia mhojiwa kwamba unajua amekosa. Mwenye aibu atakana, na anayetarajia msaada atazidisha. "Cha kutosha" nalo likianguka, familia iliyokunywa uji badala ya kula ugali itajibu kwamba haikukosa chakula, na itakuwa inasema kweli. Mimi pia nisingekubali "kulala njaa", ingawa ni Kiswahili kitamu zaidi, kwa sababu linahamisha swali hadi usiku na kuongeza huruma ambayo mwandishi wa awali hakuiweka.

Kazi ngumu zaidi ni ngazi ya majibu. "Mara moja au mbili tu" haina shida. Kati yake na "wakati wote" kuna vidato viwili, "mara kadhaa" na "mara nyingi", na cha kwanza ndicho kinachoteleza. Ukiandika "mara chache" umekisogeza chini hadi kinagusana na moja au mbili. Ukiandika "mara kwa mara" umekipandisha hadi kwenye nyingi. Kamusi haiwezi kuamua hapa. Andika kila jibu kwenye kadi yake, zichanganye, kisha waombe watu wasioliona dodoso, wa mjini na wa kijijini, wazipange kutoka kidogo hadi kingi. Kisha muulize kila mmoja: hii kwako ni mara ngapi kwa mwaka? Wakianza kubadilishana kadi mbili, neno halifai, hata kama mhariri amelipitisha.

Ngazi za kuridhika zina ugonjwa wao. Tafsiri nyingi huweka "nimeridhika kabisa" juu na "sijaridhika kabisa" chini, kwa kuwa zinapendeza zikikaa pamoja. Lakini "sijaridhika kabisa" wengine huisikia kama kutoridhika hata chembe, na wengine kama kuridhika kwa sehemu, bado kidogo. Watu wenye hisia tofauti wanaangukia kisanduku kimoja. "Sijaridhika hata kidogo" inaondoa utata huo.

Jihadhari pia na swali la kukanusha. Ukiuliza "Hamkukosa dawa?", anayejibu "ndiyo" huenda anathibitisha kwamba hawakukosa, huku mdadisi akiweka alama ya walikosa. Dawa ni kuuliza bila ukanushi.

Kinachobaki kinahitaji uamuzi wa pamoja. Watafsiri wawili hufanya kazi kila mmoja peke yake, hukaa na mtaalamu wa utafiti kulinganisha, na sababu ya kila neno huandikwa. Kumbukumbu hiyo ndiyo itakayosaidia siku mtu atakapogundua kwamba dodoso la duru zilizopita lilisema "mwaka jana". Ukilirekebisha, njaa inaweza kuonekana imeongezeka au kupungua kwa sababu ya neno tu. Ukiliacha, unaendelea kupima muda usiokusudiwa. Wenye sampuli kubwa huigawa nusu kwa nusu kwa kura, nusu moja ikasomewa swali la zamani na nyingine jipya, ili ukubwa wa pengo ujulikane kabla ya lile la zamani kustaafishwa.