Kutoka Picha ya Lebo hadi Bomba la Mgongoni: Kiasi Gani cha Dawa?



Vikundi vingi vya wakulima katika sharika hununua kiuatilifu kwa pamoja. Chupa hubaki kwa mtunza stoo, na wanakikundi huondoka na picha ya lebo kwenye simu. Asubuhi ya kupulizia, kila mmoja anasimama shambani na bomba lake la mgongoni akijiuliza swali lile lile: niweke kiasi gani? Jibu halisi hutokana na mambo matatu: kipimo kilichoandikwa kwenye lebo, ujazo wa bomba, na mara nyingine maji anayotumia mpuliziaji katika eneo fulani. Jambo hili la tatu ndilo husahauliwa zaidi.

Tuanze na picha. Namba peke yake haitoshi. Picha inayoonyesha "40 ml" huku maneno ya mbele yake yamekatwa haina maana, maana inaweza kuwa mililita 40 kwa lita 20 za maji, au kwa lita 15. Picha nzuri huonyesha mstari mzima: jina la zao, jina la mdudu, namba, kipimo chake, na neno linalofuata "kwa". Ikuze picha na utazame nukta pia. Lita 0.3 ni mililita 300, na nukta ikifichwa na mwanga wa jua mtu husoma lita 3, yaani mara kumi zaidi. Vilevile hakikisha chupa iliyo mkononi ndiyo iliyopigwa picha. Jina la dawa laweza kuwa lile lile lakini nguvu yake ikatofautiana, hivyo linganisha pia namba inayoonyesha kiasi cha kiambato ndani ya lita moja.

Lebo huandika kipimo kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni kwa maji, kwa mfano mililita 40 kwa lita 20 za maji. Hapa hesabu ni fupi. Gawanya 40 kwa 20, upate mililita 2 kwa kila lita. Bomba lako likiwa la lita 16, zidisha 2 kwa 16, upate mililita 32. Kosa la kawaida ni kuweka 40 zote kwa sababu lebo imesema "bomba", kumbe aliyeiandika alikuwa na bomba la lita 20 akilini.

Njia ya pili ni kwa eneo, kwa mfano mililita 300 kwa hekta. Hapa lebo haisemi lolote kuhusu bomba. Inasema kwamba mililita 300 zienee katika mita za mraba 10,000, uwe umetumia mabomba kumi au ishirini. Anayemimina mililita 300 katika bomba moja anaunguza mahindi na kumaliza chupa kabla hajafika mbali. Anayekisia kwa kizibo huenda akaweka kidogo mno, viwavi wakabaki hai, na mkulima akasema dawa ni feki.

Kwa kipimo cha aina hii, ni lazima kwanza ujue unatumia maji kiasi gani. Jaribio lake huchukua chini ya nusu saa na halihitaji dawa hata tone. Pima shambani eneo la mita 10 kwa mita 10, penye zao lenyewe. Simamisha bomba mahali palipo sawa, jaza maji safi hadi mstari wa lita 10, kisha pulizia eneo lile kwa mwendo na msukumo wako wa kawaida. Rudisha bomba mahali pale pale na ulijaze tena hadi mstari wa lita 10 kwa chombo chenye vipimo. Maji uliyoongeza ndiyo uliyotumia. Rudia mara moja zaidi, na kama majibu mawili yanakaribiana, chukua wastani wake.

Tuchukue mfano wa mkulima wa mahindi anayepambana na viwavijeshi vamizi, wadudu walioingia Afrika mwaka 2016. Lebo yake inasema mililita 300 kwa hekta. Bomba lake ni la lita 16. Katika jaribio ametumia lita 2.5 kwa mita za mraba 100. Hekta ina vipande 100 vya ukubwa huo, kwa hiyo anatumia lita 250 kwa hekta. Sasa hesabu ni hii:

300 ÷ 250 = 1.2

Kila lita ya maji inahitaji mililita 1.2 za dawa. Kwa bomba lililojaa, 1.2 × 16 = 19.2, yaani karibu mililita 19.

Shamba lake ni ekari moja, ambayo ni karibu hekta 0.4. Atahitaji lita 100 za maji na mililita 120 za dawa. Hayo ni mabomba sita kamili na lita 4 za mwisho. Katika lita hizo 4 ataweka mililita 4.8, karibu 5, wala si 19. Bomba la mwisho likipewa dozi nzima, kona moja ya shamba hupata dawa mara nne.

Sasa jirani yake anaazima bomba lile lile pamoja na ile "19". Yeye hutembea polepole, na jaribio lingeonyesha anatumia lita 4 kwa mita za mraba 100, yaani lita 400 kwa hekta. Anayestahili kuweka ni mililita 12 kwa bomba. Akiweka 19.2 atatumia mililita 480 kwa hekta, zaidi ya nusu juu ya kipimo cha lebo. Kwa sababu hiyo hesabu ni ya mtu na bomba lake. Irudiwe nozeli ikibadilishwa, mpuliziaji akibadilika, au mahindi yakirefuka. Kama lebo inataja pia kiasi cha maji kwa hekta, jaribio liangukie humo. Likiwa nje, rekebisha mwendo au nozeli kwanza.

Yabaki mambo mawili ya vyombo. Mistari ya bomba si ya kuaminika daima, hasa yale ya bei ndogo. Jaza kwa chombo cha lita moja ukihesabu, kisha weka alama yako kwa rangi pale lita 16 zinapofika kweli. Dawa nayo ipimwe kwa kikombe chenye mililita au bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano. Vizibo vya chupa hutofautiana na havifai. Chombo hicho kikae stoo na dawa, kisirudi jikoni kamwe. Mpimaji avae glovu, ajaze maji nusu bomba, aweke dawa, ndipo amalizie maji.

Kamati ikitembelea stoo ya kikundi, iombe kuona karatasi moja tu: jina la kila mpuliziaji, ujazo wa bomba, maji aliyotumia katika mita 10 kwa 10, na mililita zake kwa bomba. Safu ya mililita ikiwa na namba ile ile kwa watu wote, huku lebo ikiwa ya kipimo cha hekta, jaribio halijafanyika.