Kwa Nini Picha Hukatika Kila Baada ya Nusu Saa?

Siku hizi yapo mabanda ya mpira ambayo picha yake haiji kwa dishi, bali kwa intaneti. Kisanduku kiitwacho ruta hurusha mawimbi ya waifai, na televisheni huyapokea bila waya.

Tuchukue mfano wa banda moja la namna hiyo. Mpira umeanza saa 2.00 usiku. Saa 2.05 picha inaganda kidogo, kisha inaendelea. Saa 2.35 inaganda tena, safari hii kwa dakika nzima. Saa 2.37 inaganda kidogo. Saa 3.07 inaganda kwa dakika nzima tena. Watazamaji wanadai fedha zao, na mwenye banda anailaumu kampuni ya intaneti. Je, kosa ni la kampuni? Tutazame kwanza ndani ya ruta.

Ruta nyingi za kisasa hutumia mawimbi ya gigahezi 5. Mawimbi hayo yamegawanywa katika njia zenye namba, nazo huitwa chaneli. Chaneli 36 hadi 48 hazina masharti ya rada. Lakini chaneli 52 hadi 64, na 100 hadi 144, zina mwenyeji mwingine. Huyo ni rada, zikiwemo rada za kupimia mvua na upepo.

Rada hufanya kazi kama mtu anayepiga ukelele mbele ya mlima na kusikiliza mwangwi. Hutoa mawimbi makali kwa muda mfupi sana, kisha hunyamaza kusubiri yarudi. Mwangwi huo ni hafifu mno. Ruta ikipiga kelele katika chaneli hiyo hiyo, rada haisikii vizuri. Mwaka 2009 jambo hili lilionekana San Juan, kisiwani Puerto Rico. Rada inayowaonya marubani juu ya upepo wa hatari karibu na uwanja wa ndege ilivurugwa na mitambo ya intaneti iliyofungwa nje ya majengo.

Kwa hiyo ruta imewekewa sharti. Kabla ya kutumia chaneli ya rada ni lazima inyamaze na kusikiliza kwa dakika 1. Ulaya, kwa chaneli zinazogusa rada za hali ya hewa, ni dakika 10. Ikisha kuanza kazi, huendelea kutega sikio. Ikisikia rada, ni lazima ihame kabla ya sekunde 10 kwisha, na isirudi pale kwa dakika 30.

Sasa turudi bandani. Ruta ilikuwa chaneli 100. Saa 2.05 ilisikia rada ikahamia 36, ndiyo maana picha iliganda kidogo tu. Saa 2.35 zile dakika 30 ziliisha. Ruta hii imetengenezwa kuipenda chaneli yake ya kwanza, basi ikarudi 100 na kunyamaza dakika 1 ikisikiliza. Televisheni huwa na akiba ya sekunde chache tu za mpira unaochezwa wakati huo huo, na akiba hiyo ikaisha. Saa 2.36 picha ikarudi. Saa 2.37 rada ikasikika tena, ruta ikahama, na hesabu ya dakika 30 ikaanza upya. Zipo ruta zisizorudi, na zipo zenye sikio la pili la kusikilizia huku zikiendelea na kazi. Hizo hazileti taabu hii.

Utajuaje? Picha inapoganda, itazame simu iliyounganishwa na ruta hiyo. Alama ya waifai ikipotea au jina la ruta likitoweka, tatizo liko kwenye ruta. Alama ikibaki, kuna uwezekano mkubwa kwamba intaneti yenyewe imekatika. Pia unganisha televisheni kwa waya. Kwa waya, rada haiwezi kuikata picha. Ukifungua kumbukumbu za ruta, huenda ukasoma neno `DFS` au `radar`. Wakati mwingine, lakini, ruta hudanganyika. Husikia kelele za ruta ya jirani ikadhani ni rada.

Dawa yake ni fupi. Fungua mipangilio ya ruta, tafuta `Channel`, ondoa `Auto`, uweke 36, 40, 44 au 48. Kisha tazama upana wa chaneli. Ukiwa `160 MHz`, punguza uwe `80 MHz`. Tukiacha 160, ruta iliyowekwa 36 hujitanua hadi 64, nayo inaingia tena eneo la rada! Majirani wakijazana wote kwenye 36, mwendo utapungua, lakini picha haitakatwa na rada.

Wapo mafundi wanaobadilisha jina la nchi ndani ya ruta ili isisikilize rada. Tusikubali. Hapo ruta huendelea kupiga kelele katika chaneli ya rada, na rubani anayetua kwenye dhoruba ndiye anayekosa onyo.